Mkaa wa Jero: Uchambuzi wa Kapsheni ya Pishi la Kwanza

Jumamosi moja, saa saba na kitu mchana, mdogo wangu alinitumia picha kwenye WhatsApp pamoja na ujumbe: "Shikamoo dada. Leo nimepika mwenyewe, mara ya kwanza. Nataka niweke stetasi ila sijui niandike nini. Iwe ya kuchekesha, kwa sababu hela yenyewe ndiyo hiyo imeisha."

Yeye ni mwanafunzi wa mwaka wa kwanza Dodoma, amepanga chumba kimoja uswahilini karibu na chuo. Mimi niko Tanga, na kazi yangu ya kila siku ni kuwaandikia wafanyabiashara kapsheni za picha zao: madera, keki za harusi, samaki wa kukaanga. Kwa hiyo alikuja kwa mtu wa kazi hiyo. Lakini kapsheni ya kuuza dera na kapsheni ya mtoto wa watu anayepika peke yake kwa mara ya kwanza hazifanani hata kidogo, na ilituchukua karibu saa nzima kuipata. Nakieleza kisa chote hapa kwa sababu watu wengi huandika cha kwanza kinachowajia kichwani, halafu wanashangaa kwa nini hakuna aliyecheka.

Nianze na picha. Sahani ya plastiki ya bluu juu ya ndoo iliyogeuzwa. Wali mweupe, umechambuka vizuri, punje moja moja. Juu yake mchuzi mwekundu wa nyanya, mwepesi, umeteremka hadi ukingoni mwa sahani. Pembeni, mbali na wali, maharage matatu yamepangwa mstari. Nilipoivuta picha karibu nikaona harage la katikati lina alama ya jino. Limeumwa, likakataa, likarudishwa mezani.

Nilipoiona alama ile nikajua kisa kipo. Sikumwambia aandike chochote. Nilimpigia simu nikamwambia anisimulie alivyopika, tangu alipotoka dukani, bila kuruka kitu. Hili ndilo jambo la kwanza ninalofanya kwa kapsheni yoyote ya chakula, kwa sababu kichekesho huwa kimeshatokea jikoni, na kazi ya mwandishi ni kukikuta kilipo. Mtu akikaa kuutunga utani mezani huku sufuria ina utani wake, atakachoandika kitafanana na cha kila mtu.

Hesabu yake ilikuwa hivi. Alikuwa na shilingi 4,000 za kumaliza siku mbili. Kodi ya miezi mitatu na godoro vilikuwa vimeshakula bumu lote la mwanzo. Genge la jirani alinunua mchele nusu kilo kwa 1,400, maharage robo kwa 800, mafuta ya kupima ya 500, nyanya fungu dogo la 200, kitunguu kimoja cha 200 na chumvi ya 200. Akamalizia na mkaa wa 500, ule unaofungwa kwenye kifuko cha plastiki. Jumla 3,800. Akabaki na chenji ya 200.

Jiko ni la mkaa, moja, na sufuria ni mbili. Saa nne asubuhi akawasha mkaa wote kwa mpigo, akabandika maharage. Hakuwa ameyaloweka, kwa sababu aliyanunua asubuhi ileile. Na kwa kuwa alitaka kuokoa muda, alikata nyanya na kitunguu akavitia humohumo tangu mwanzo pamoja na mafuta na chumvi, akafunika.

Hapo kosa lilikuwa limeshakamilika, ingawa maji yalikuwa bado hayajachemka. Maharage makavu ambayo hayakulala kwenye maji usiku kucha yanaweza kutaka saa mbili au zaidi motoni, na yakiwa yamekaa dukani muda mrefu yanataka zaidi ya hapo. Nyanya nazo zina uchachu, na uchachu unalizuia ganda la harage lisilainike. Ndiyo maana mama zetu huchemsha maharage peke yake hadi yaive, ndipo wanayaunga. Mdogo wangu ameona maharage yakiungwa maisha yake yote, lakini alikuwa akifika jikoni wakati wa kuunga tu, kwa sababu harufu ya kitunguu ndiyo iliyokuwa inamwita. Saa mbili za kuchemsha zilizotangulia hakuwahi kuziona.

Juu ya hayo, Dodoma iko juu. Mji uko zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, na kwa kimo hicho maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi badala ya 100. Tofauti ni ndogo, wala si ya kumfanya mtu ashindwe kupika, lakini kwa maharage yasiyolowekwa kila nyuzi ina maana. Sisi tumelelewa Tanga, ufukweni kabisa. Vipimo vya muda alivyonavyo kichwani ni vya pwani.

Saa tano na nusu aliangalia jikoni akakuta mkaa umeshakuwa majivu zaidi ya nusu. Akaonja harage: gumu. Akaonja la pili: gumu. La tatu akaling'ata kwa nguvu, ndilo lile la pichani. Akafanya uamuzi ambao mimi nauheshimu sana. Aliipua maharage, akabandika mchele kwenye moto uliobaki. Maji yalipokaribia kukauka akachota makaa machache yaliyokuwa bado mekundu, akayapalia juu ya mfuniko kama alivyomwona mama akifanya. Wali ukakauka kwa moto wa juu na wa chini, ukachambuka. Akapakua, akamwagia mchuzi, akayatoa yale maharage matatu akayaweka kando.

Nilimuuliza mchuzi aliuchemsha vya kutosha, akasema ulitokota kwa nguvu zaidi ya saa nzima. Nilitaka kuwa na hakika na hilo, kwani maharage mekundu yasiyochemshwa vizuri yana sumu inayoleta kichefuchefu na kutapika, na sumu hiyo huondoka yakichemka kwelikweli, si yakikaa kwenye maji ya moto tu. Kwa saa nzima ya kutokota, yalikuwa salama, magumu tu. Nikamwambia ale wali na mchuzi, sufuria ya maharage asiimwage.

Sasa tukaja kwenye maneno. Rasimu yake ya kwanza alikuwa ameshaiandika kabla hajanitafuta:

"Maisha ya chuo jamani 😂😂 bumu limeisha, njaa itatuua, Mungu atusaidie tu 🙏"

Nimeona kapsheni hii mara nyingi mno, kwa picha za ugali, za chai kavu, za sufuria tupu. Ndilo tatizo lake la kwanza: ukiitoa picha ya mdogo wangu ukaweka ya mtu mwingine yeyote, maneno hayahitaji kubadilika. Wali uliochambuka haumo. Mkaa haumo. Harage lenye alama ya jino halimo.

Tatizo la pili ni zito zaidi, nalo linahusu pesa. Utani wa kukosa hela una mpaka mwembamba sana kati ya kuchekesha na kulia njaa. "Njaa itatuua" inamweka msomaji mahali pabaya: akicheka anaonekana hana huruma, asipocheka inabidi atoe pole, na wenye uwezo wanaanza kujiuliza kama wanaombwa. Mama yetu ni miongoni mwa watu wanaoangalia stetasi ya mwanawe kila jioni. Angeisoma "njaa itatuua" akiwa Tanga, mwanawe yuko Dodoma, na usingizi ungemtoka. Nilimuuliza mdogo wangu, "Unaomba hela?" Akasema hapana, kesho kutwa atapata, anataka tu watu wacheke naye. Basi njaa ikae kando. Anayechekesha kwa ufukara wa mfuko wake amchekeshe msomaji kwa kile alichokifanya na hela ndogo, kwa uamuzi wake, kwa ujanja wake au kosa lake. Kile ambacho hakuna humfanya msomaji asikitike. Kile kilichofanyika humfanya acheke.

Na neno "bumu" nalo nililisimamisha. Kwa wanafunzi ni neno la kila siku, kila mtu analijua: ile fedha ya chakula na malazi kutoka Bodi ya Mikopo, ambayo mwaka wa masomo 2022/2023 ilipandishwa kutoka shilingi 8,500 kwa siku hadi 10,000. Lakini mwenye kuangalia stetasi ile si mwanafunzi peke yake. Na ukilitaja bumu, maongezi yanahama palepale. Watu wataanza kujibizana habari za bumu, nani limemwingia na nani bado, na sahani ya wali inasahaulika. Neno linalovuta macho kuliko picha halifai kuwa kwenye kapsheni ya picha hiyo.

Rasimu ya pili aliiandika baada ya kunisimulia. Hii ilikuwa nzuri, na nilisita kabla ya kuikataa:

"Mchele 1,400. Maharage 800. Mafuta 500. Nyanya 200. Kitunguu 200. Chumvi 200. Mkaa 500. Maharage kuiva: haikuwemo kwenye bajeti."

Umbo lake ni la risiti, na risiti inafaa kwa utani wa bajeti kwa sababu inamtembeza msomaji taratibu kwa hesabu za kweli hadi anapojikwaa mstari wa mwisho. Hesabu ni zake, hakuna mwingine mwenye hesabu hiyo. Ila ina mambo mawili. La kwanza, namba saba ni nyingi kwa mtu anayepitisha stetasi kwa kidole gumba akiwa kwenye daladala. Kapsheni ndefu hukatwa, na kilichokatwa hapa ni ule mstari wa mwisho, yaani kicheko chenyewe. Atakachokisoma ni bei ya vitunguu. La pili, katika namba saba zote ni moja tu inayofanya kazi, nayo ni ya mkaa. Mkaa wa 500 ndio ulioyaangusha maharage. Chumvi ya 200 haina kosa lolote, haina sababu ya kuitwa ushahidi.

Nikamwambia, "Tubaki na mkaa." Na hapo ndipo methali ikaja yenyewe.

Mvumilivu hula mbivu. Kila Mswahili anaijua, na kwa kawaida akiisikia anafikiria embe au ndizi. Lakini Kiswahili kina neno moja kwa tunda lililo tayari na chakula kilicho tayari: vyote vimeiva. Na kinyume chake ni neno moja pia: embe bichi, wali mbichi, maharage mabichi. Methali ambayo tumeizoea mtini ukiiweka jikoni inakaa bila kupindishwa. Mvumilivu wa maharage ni yule aliyeyaloweka jana usiku na ana mkaa wa kutosha. Mdogo wangu alikuwa na uvumilivu, alikaa saa moja na nusu mbele ya jiko akipepea. Kilichomwishia ni moto.

Akaandika haraka:

"Mvumilivu hula mbivu, mwenye mkaa wa jero hula mabichi."

Tukacheka wote wawili kwenye simu, naye akataka kuituma palepale. Nikamzuia, na sababu zangu zilikuwa mbili.

Ya kwanza ni kwamba si kweli. Hakuyala. Aliyaweka kando, picha yenyewe inashuhudia. Kapsheni ya utani inaweza kukuza jambo, lakini ikigongana na kitu ambacho msomaji anakiona kwa macho yake, anabaki anajiuliza badala ya kucheka. Na mama angesoma "hula mabichi" angepiga simu kuuliza tumbo linaendeleaje.

Ya pili ni ya ufundi. Ukisema "mbivu" katika nusu ya kwanza, msomaji ameshaiona "mbichi" inakuja kabla hujaifikisha. Mbivu na mbichi ni kama mchana na usiku, moja ikitajwa nyingine inasubiriwa mlangoni. Kicheko kinataka neno ambalo msomaji hakulitarajia, lakini akilikuta anaona ndilo pekee lililostahili kukaa pale. Nikamuuliza, "Ulikula nini hasa?" Akasema, "Wali na mchuzi." Nikamwambia arudie sentensi yake kwa ukweli huo.

"Mvumilivu hula mbivu. Mwenye mkaa wa jero hula mchuzi."

Hapa ndipo ilipokaa. Neno "mchuzi" linafanya kazi tatu kwa wakati mmoja. Linasema kweli. Linamrudisha msomaji kwenye picha, anaona mchuzi ulivyomwagika juu ya wali bila harage hata moja, kisha jicho linateleza pembeni na kuyakuta yale matatu. Na linamaliza sentensi kwa kitu cha chini kidogo kuliko alichotarajia, jambo ambalo ndilo hali yenyewe ya kuishi kwa hela ndogo: ulitaka maharage, ukapata supu yake.

Lipo pia suala la "jero". Ningeweza kuandika "mkaa wa shilingi mia tano", na maana ingekuwa ileile, lakini mdundo ungevunjika. "Hula mbivu" na "hula mchuzi" zina uzito unaolingana, na katikati panahitajika kitu kifupi. Jero ni silabi mbili. Pia ni neno la mtaani, na kuligonganisha na methali ya wazee katika mstari mmoja kunaleta ladha ambayo neno rasmi halileti. Nilijua lina mpaka wake. Shangazi yetu aliyeolewa Mombasa hangeielewa jero yetu. Nikaona hilo ni sawa. Kapsheni ya kila mtu ndiyo ileile ya kwanza niliyoikataa.

Nilimwambia pia asilitaje lile harage lenye alama ya jino. Alitaka sana kuandika "angalieni la katikati". Nilimwelewa, ni jambo zuri kuliko yote pichani. Lakini ukimwonyesha mtu kwa kidole, umempa taarifa tu. Akilikuta mwenyewe, amepata kitu chake, na atamwambia mwenzake. Katika kazi yangu ya madera ninaeleza kila kitu, rangi, saizi, bei, kwa sababu mteja anataka kujua. Huku mtu hanunui kitu, mwache atafute.

Mstari wa pili tuliujenga kwa kilichobaki. Ilibidi useme ni pishi la kwanza, kwa sababu bila hilo msomaji anaweza kudhani ni mtu mzima aliyeharibu maharage. Ilibidi pia uwe na bajeti. Namba mbili zikatosha, ya kuingilia dukani na ya kutokea. Kapsheni kamili ikawa hii:

"Mvumilivu hula mbivu. Mwenye mkaa wa jero hula mchuzi.
Pishi langu la kwanza peke yangu. Nimeingia gengeni na 4,000, nimetoka na chenji ya 200. Maharage yataendelea kesho."

"Maharage yataendelea kesho" ni ya kwake, mimi sikuigusa. Inasikika kama mechi iliyoahirishwa kwa mvua. Na inafanya jambo ambalo sikuwa nimelifikiria: inawaambia wasomaji kwamba mpishi hajashindwa, kazi haijaisha. Mtu akimaliza kuisoma haoni haja ya kutoa pole. Emoji tuliziondoa zote. Zile nyuso za kucheka mwanzoni mwa kapsheni humwambia msomaji acheke kabla hajapewa cha kuchekea.

Aliiweka saa nane mchana. Majibu aliyonitumia baadaye yalinifundisha kuliko niliyoyajua.

Wanafunzi wenzake walishika mkaa. Mmoja aliandika, "Jero si ungenunua maandazi matano umalize kazi." Mwingine alisema yeye huwasha nusu, nusu anaiweka akiba, na kwamba kuwasha mkaa wote mara moja ndiko kulikomponza. Huyu alikuwa amesema kweli kabisa, na sikuwa nimeliona. Mkaa ule ungewashwa kwa awamu mbili, na jiko likafungwa mlango wa hewa maharage yalipoanza kutokota, pengine yangefika mbali zaidi. Kwa hiyo kapsheni ilimletea mdogo wangu somo la upishi kutoka kwa mwenye jiko kama lake, na hili lilitokea kwa sababu ilitaja mkaa kwa jina na bei. "Njaa itatuua" isingemletea.

Shangazi wa Mombasa aliuliza, "Jero ndiyo nini, mwanangu?" Akajibiwa, akatuma kicheko kwa sauti.

Harage lenye alama ya jino lilionekana baada ya dakika kama ishirini. Mwenzake wa darasani alilikata kutoka kwenye picha, akalikuza, akalirudisha bila neno lolote. Baada ya hapo, mdogo wangu alisema, kila aliyejibu alilizungumzia hilo.

Mama alipiga simu. Hakucheka mwanzoni. Aliuliza, "Uliyaloweka?" Kisha akauliza, "Na nazi iko wapi?" Kwetu wali usio na nazi ni wali wa mgonjwa, na mtoto wa Tanga kuonyesha watu wali mweupe mkavu ilimshtua kuliko habari ya maharage. Mdogo wangu akamweleza kwamba Dodoma nazi inasafirishwa kutoka pwani na bei yake ingekula mchele wote. Mama akanyamaza kidogo, akasema, "Lakini umepalia makaa. Nimeuona wali." Hapo ndipo akacheka. Mdogo wangu aliniambia hilo mara mbili, kwamba mama aliuona wali.

Kilichofuata hatukukipanga. Saa moja jioni mpangaji wa chumba cha mbele, mama mmoja mwenye mtungi wa gesi, aligonga mlango wake. Alikuwa ameiona stetasi, kwa kuwa wapangaji wote wamehifadhiana namba kwa ajili ya mambo ya maji na umeme. Akamwambia, "Baba, lete hiyo sufuria. Maharage hayangoji kesho, yatachacha." Akayabandika kwa moto mdogo, akaongeza maji ya moto, akamwonyesha kwamba ukiongeza maji ya baridi unayarudisha nyuma. Yalichukua saa moja na robo nyingine. Mama yule alitoa kitunguu chake na karoti, yakaungwa upya, wakala pamoja na watoto wake wawili na wali uliobaki mchana.

Kabla hawajala, mdogo wangu alipiga picha ya pili: sufuria juu ya jiko la gesi, mvuke, na maharage yaliyopasuka maganda. Akanitumia. "Dada, hii niiandikie nini?"

Niliifikiria kidogo. Waliosoma ya mchana walikuwa wanajua habari yote: methali, mkaa, chenji, ahadi ya kesho. Walikuwa wanasubiri jambo moja tu. Nikamjibu aandike neno moja na nukta:

"Yameiva."